Rezistansi tatu kwenye mstari mmoja

Jumamosi moja jioni mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Bukavu, alifika kwangu Kadutu akiwa na karatasi ya jaribio la fizikia iliyokunjwa mara nne. Swali la kwanza lilikuwa na alama kumi, naye alikuwa amepata mbili. Alinikunjulia karatasi juu ya meza ninayotengenezea redio na vidhibiti vya paneli za jua, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa hesabu yake.

“Mjomba, kumi na mbili na sita na nne si ishirini na mbili?”

“Ni ishirini na mbili.”

“Basi mbona mwalimu ameandika mbili?”

Nilipitia hesabu yote mara mbili, na kwa kweli hapakuwa na kosa la kujumlisha wala la kugawanya popote. Kila mstari ulitokana na ule uliotangulia, vizio vilikuwa mahali pake, na mwandiko ulikuwa safi. Kosa lilikuwa limeshaingia kabla hajaandika tarakimu ya kwanza, pale alipoutazama mchoro na kuamua kwamba rezistansi hizo tatu ziko katika mfuatano, au kwa neno la darasani, ziko katika seri.

Mchoro wenyewe ulikuwa hivi. Rezistansi tatu zilichorwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto kwenda kulia, na kati yake na kwenye ncha palikuwa na nukta nne zenye herufi:

```
A ---[12]--- C ---[6]--- D ---[4]--- B
```

Namba hizo ni omu. Betri ya volti 12 ilikuwa imeunganishwa kwenye A upande wa chanya na kwenye B upande wa hasi. Zaidi ya hapo palikuwa na waya mbili tupu: moja ilitoka A, ikapita juu kama tao na kushuka kwenye D, nyingine ilitoka C, ikapita chini na kupanda kwenye B. Swali liliuliza ukinzani wa jumla kati ya A na B, kisha mkondo unaotoka kwenye betri, kisha mkondo unaopita katika kila rezistansi.

Mpwa wangu alitumia R = R1 + R2 + R3, akapata omu 22. Akagawanya volti 12 kwa 22 na kupata ampea 0.545, akasema mkondo huo mmoja unapita katika rezistansi zote tatu. Kisha, bila hata kuulizwa, akahakikisha jibu lake kwa kutafuta volti za kila rezistansi: 6.55 kwenye ya kwanza, 3.27 kwenye ya pili, 2.18 kwenye ya tatu. Ukizijumlisha unapata 12, sawasawa na betri. Hapo ndipo alipofunga swali akiwa na moyo mtulivu, na nilielewa kwa nini alama mbili zilimuuma kiasi kile. Alikuwa amefanya uhakiki, na uhakiki ukamkubalia.

Uhakiki ule hauwezi kumkatalia mtu yeyote. Ukishaamua kwamba mkondo ni mmoja na kwamba jumla ya omu ni 22, zile volti tatu ni lazima zijumlike kuwa 12, hata kama sakiti iliyo mbele yako ni nyingine kabisa. Ni sawa na kupima kitambaa kwa kamba uliyoikata mwenyewe kwa urefu wa kitambaa hicho hicho. Kinachohitajika ni uhakiki unaorudi kwenye mchoro, na katika mchoro huu ulikuwepo mmoja wa wazi kabisa, nitauonyesha baadaye kidogo.

Nilimwuliza kwa nini alichagua kanuni ya kujumlisha. Alinijibu kwamba rezistansi zinafuatana. Jibu hilo lilinifikirisha, kwa sababu Kiswahili chetu kinamuunga mkono. Mfuatano ni kufuatana, na vitu vile vitatu kwenye karatasi vinafuatana kweli kama abiria kwenye foleni. Neno sambamba nalo linaleta picha ya reli mbili, au ya watu wanaotembea bega kwa bega. Maneno yote mawili yanaelezea jinsi vitu vinavyoonekana vikichorwa, na Kifaransa cha darasani hakisaidii zaidi, maana “paraleli” ndilo neno lile lile la mistari katika jiometria. Lakini kanuni ya ukinzani haijui chochote kuhusu upande ambao mchoraji aliamua kuelekeza kalamu. Inachojua ni ncha zipi zimeshikana na ncha zipi. Rezistansi mbili ziko katika mfuatano pale zinaposhirikiana kiungo kimoja na kwenye kiungo hicho hakuna kitu cha tatu kilichoshikwa, kiasi kwamba umeme uliotoka katika ya kwanza hauna njia nyingine ila kuingia katika ya pili. Ziko sambamba pale zinaposhirikiana ncha zote mbili.

Kwa hiyo nilimpa kalamu mbili, nyekundu na ya buluu, nikamwomba asihesabu chochote kwanza. Aanze kwenye A na kalamu nyekundu, afuate kila waya tupu anaoweza kuufikia bila kuvuka rezistansi, na kila anapopita aache rangi. Alianza A, akapanda kwenye tao la juu, akashuka D, akasimama. Nilimwambia arudie kwa buluu kuanzia B. Akashuka kwenye waya wa chini, akapanda C, akasimama. Sakiti nzima ilikuwa imekwisha kupakwa rangi, na rangi zilikuwa mbili tu.

Kisha nikamwomba anisomee ncha za kila rezistansi. Ya omu 12 iko kati ya A na C: nyekundu na buluu. Ya omu 6 iko kati ya C na D: buluu na nyekundu. Ya omu 4 iko kati ya D na B: nyekundu na buluu. Alinyamaza. Halafu akachukua karatasi nyingine, akachora mstari mwekundu wima upande wa kushoto na mstari wa buluu wima upande wa kulia, na kati yake akaziweka rezistansi zote tatu kama vidato vya ngazi. Sikumwambia achore hivyo. Mchoro huo ulitoka kwenye rangi zenyewe.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa fupi. Kila rezistansi inapata volti 12 nzima, kwa sababu kila moja imeshikwa na nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Kwa hiyo ile ya omu 12 inapitisha ampea 1, ya omu 6 ampea 2, ya omu 4 ampea 3. Jumla ni ampea 6, na volti 12 ukigawanya kwa ampea 6 unapata omu 2. Kanuni ya 1/R = 1/R1 + 1/R2 + 1/R3 inasema jambo lile lile kwa ufupi: 1/12 na 2/12 na 3/12 ni 6/12, yaani 1/2, na ukiigeuza unapata 2. Wanafunzi wengi hufika kwenye 1/2 na kuandika omu 0.5, wakisahau kwamba walichokipata bado ni moja chini ya R. Ndiyo maana napenda kupitia kwenye ampea kwanza, hasa kwa anayejifunza, kwani ampea hujumlishwa kama zilivyo na mwishoni hakuna kitu cha kugeuza.

Mpwa wangu alikuwa bado hajaridhika. Aliuliza swali ambalo nadhani ndilo lililo chini ya kosa lote: inawezekanaje kuongeza kizuizi na kuishia na kizuizi kidogo kuliko kile kidogo cha vyote? Omu 2 ni chini ya omu 4. Kwake neno ukinzani lilikuwa mzigo, na mizigo ikiongezwa huwa mizito.

Namba za swali hili zilikuwa nzuri kwa kulijibu. Rezistansi ya omu 6 ni sawa na rezistansi mbili za omu 12 zilizowekwa sambamba, maana kila moja ingepitisha ampea 1 na pamoja zingepitisha 2. Ile ya omu 4 ni sawa na tatu za omu 12. Kwa hiyo swali lote linaweza kusomwa kama rezistansi sita za omu 12 kati ya waya mwekundu na waya wa buluu: moja, na mbili, na tatu. Ni njia sita zinazofanana. Kila njia ni nyembamba vile vile kama mwanzo, lakini umeme una milango sita badala ya mmoja, hivyo kwa volti zile zile unapita mwingi mara sita. Omu 12 ukigawanya kwa 6 ni 2. Kila rezistansi inayoongezwa sambamba inafungua mlango mmoja zaidi, na hata ikiwa ya omu milioni moja, mlango ule mdogo hauwezi kuufanya mwingine uwe mwembamba zaidi. Kwa hiyo jumla ya sambamba haiwezi kamwe kuzidi rezistansi iliyo ndogo kuliko zote, na jibu la 22 mahali ambapo kuna rezistansi ya omu 4 yenye ncha zake moja kwa moja kwenye A na B lilipaswa kumshtua.

Sasa narudi kwenye uhakiki niliouahidi. Kwa mujibu wa volti zake mwenyewe, kutoka A hadi D umeme ulikuwa umepoteza volti 6.55 na 3.27, yaani volti 9.82. Lakini A na D zimeunganishwa kwa waya mtupu. Waya mtupu katika swali la darasani una ukinzani wa sifuri, na ncha zake mbili haziwezi kutofautiana hata kwa sehemu ya volti. Hesabu ya mfuatano ilikuwa inadai kwamba ncha mbili za waya mmoja zimepishana kwa karibu volti kumi. Alikuwa amezihesabu rezistansi zote na hakuziuliza zile waya mbili kitu chochote. Alikuwa ameziona kama mapambo ya mchoraji, kumbe ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya umeme. Kutoka A, ampea 1 inaingia kwenye rezistansi ya omu 12 na ampea 5 zinapanda kwenye tao la juu. Zikifika D zinagawanyika, 3 zinaendelea kulia kwenye omu 4, na 2 zinarudi kushoto kwenye omu 6. Pale C zinakutana ampea 1 na ampea 2, na ampea 3 zinashuka kwenye waya wa chini kuelekea B, ambako zinaungana na zile 3 za omu 4 na kurudi kwenye betri zikiwa 6. Mwanafizikia Gustav Kirchhoff aliliweka jambo hili kuwa kanuni mwaka 1845: kinachoingia kwenye kiungo ni sawa na kinachotoka. Kiungo kwa kiungo, hesabu inafunga.

Kilichomgusa zaidi ni kwamba katika rezistansi ya katikati umeme unatoka kulia kwenda kushoto. Alisema haiwezekani, kwa sababu chanya ya betri iko kushoto. Niliona maneno yamefika mwisho wake, nikafungua droo.

Sikuwa na rezistansi za omu 12, 6 na 4, na hata ningekuwa nazo nisingezitumia. Kwa betri ya volti 12 zingevuta ampea 6, yaani wati 72, na rezistansi ndogo za redio zingeungua kabla hujasoma kipimo. Pia kwa omu 2, waya za kupimia zenyewe huongeza sehemu moja au mbili za kumi za omu, na kipimo hakiwi sahihi. Kwa hiyo tulizidisha omu zote kwa mia. Nilikuwa na rezistansi sita zinazofanana za omu 1200, zile zenye mistari ya kahawia, nyekundu, nyekundu na dhahabu, za robo wati. Moja peke yake ilikuwa badala ya omu 12; mbili tulizolehemu sambamba, ncha zote mbili pamoja, zilikuwa badala ya omu 6; tatu zilizolehemiwa vivyo hivyo zilikuwa badala ya omu 4. Tukazipanga juu ya kipande cha ubao katika mstari mmoja, kama kwenye karatasi, na kupiga misumari minne kwa ajili ya A, C, D na B. Betri ilikuwa bado haijaguswa, kwa sababu omu hupimwa pasipo umeme mwingine wowote kwenye sakiti.

Bila zile waya mbili, multimeta ilionyesha 2.17 kwenye upande wa kilo-omu, yaani omu 2170. Rezistansi zenye mstari wa dhahabu zinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, kwa hiyo hiyo ndiyo 2200 ya jibu lake. Alitabasamu. Kwa sakiti hiyo, isiyo na waya za tao, jibu lake lilikuwa sahihi, nami nilimwambia hivyo.

Kisha nikaunga waya wa juu, kutoka A hadi D. Kipimo kikaanguka hadi 394. Rezistansi mbili za mwanzo, zikiwa mnyororo mmoja, zilikuwa zimebaki na nyekundu kwenye ncha zote mbili za mnyororo huo, hazina mahali pa kupeleka umeme, na iliyobaki kufanya kazi ilikuwa ya tatu peke yake. Nikaunga waya wa chini, kutoka C hadi B. Kikaanguka tena hadi 197. Hakuna rezistansi iliyoondolewa wala kusogezwa. Zilikuwa bado kwenye mstari ule ule ulionyooka, mbele ya macho yake, na ukinzani ulikuwa umepungua mara kumi na moja kwa vipande viwili vya waya.

Tulipoweka betri yangu ya paneli, iliyokuwa na volti 12.6 jioni ile, kipima ampea kilisoma miliampea 63.6. Kwa omu 2200 kingesoma chini ya 6. Halafu nikamwachia apime volti mwenyewe, akishika mkono mwekundu wa multimeta kushoto na mweusi kulia kwa kila rezistansi. Ya kwanza 12.6. Ya pili, ile ya katikati, -12.6. Alirudia mara tatu, akabadilisha mikono, akaangalia alama ile ndogo ya kutoa ikipotea na kurudi. Ya tatu 12.6. Hizo volti tatu zilizo sawa ndizo alama ya sambamba unayoweza kuipata kwenye meza yoyote; katika mfuatano zingegawanyika kwa kadiri ya omu, na ile kubwa ingechukua fungu kubwa.

Ninalijali kosa hili kwa sababu kazi yangu ni kufunga umeme kwenye nyumba, na nyumba ni sambamba tupu. Kila balbu, kila friji, kila pasi imeshikwa na waya zile zile mbili. Wakazi wa Bukavu wanaijua hali hii hata bila hesabu: umeme ukirudi jioni na mtaa mzima ukawasha majiko kwa pamoja, balbu hugeuka nyekundu. Kila jiko linalowashwa ni mlango mwingine, ukinzani wa jumla unashuka, mkondo unapanda, na waya ndefu zinazouleta umeme mtaani, ambazo ziko katika mfuatano na sisi sote, hula volti nyingi zaidi njiani. Fundi anayejumlisha omu za vifaa vya nyumba kama mpwa wangu alivyojumlisha atapata mkondo mdogo sana, atanunua waya mwembamba, na waya huo utapata moto ndani ya ukuta.

Kalamu za rangi zina mpaka wake, na ni haki kuutaja. Kama pale palipokuwa na zile waya mbili tupu pangewekwa rezistansi nyingine mbili, ungepata rangi nne na sakiti ya aina ya daraja. Humo hakuna hata rezistansi mbili zinazoshirikiana ncha zote, wala kiungo chenye vitu viwili tu, kwa hiyo kanuni zote mbili hazifai mpaka utumie kanuni za Kirchhoff kiungo kwa kiungo. Lakini rangi zitakuonyesha hilo mapema, kabla hujapoteza nusu saa.

Kabla hajaondoka nilimwomba jambo moja. Nilitoa betri, nikamwambia kwamba nitakata waya wa juu na kuuacha wa chini, na kwamba aniambie kipimo kabla sijashika multimeta. Alichukua kalamu ya buluu na karatasi mpya. B, waya wa chini, C. Alitazama rezistansi ya katikati na ya mwisho, akaona kwamba kati ya C na B kuna waya, kwa hiyo hizo mbili kwa pamoja zimeanzia kwenye buluu na kuishia kwenye buluu.

“Ni ya kwanza tu inayobaki,” alisema. “Elfu moja mia mbili, ukitoa kidogo kwa ajili ya ile asilimia.”

Nilikata waya. Multimeta ilisoma 1.18.